Kitanda Kipo, Mikono Haipo

Katika makao yale ya wazee, kila mtu alimwita Shangazi, hata meneja aliyemzidi cheo. Yeye ndiye msimamizi wa wahudumu, aliyepanga zamu. Mumewe alizoea kusema kwamba mkewe akinyamaza ndipo watu wajifiche.

Asubuhi hiyo alikuwa amenyamaza. Saa nne na nusu alimkuta fundi seremala mstaafu bado yuko kitandani, shuka limelowa, uso ameugeuzia ukutani kwa aibu. Hakuna aliyemtupa. Wahudumu walikuwa wanne, yaani jozi mbili tu, na wazee wa kuinuliwa kwa mashine na watu wawili walikuwa wameongezeka kutoka wanne hadi tisa. Jozi zote zilikuwa bado kwa hao tisa.

Shangazi aliingia kwa meneja bila kubisha.

"Wakazi ni ishirini na wanne, walewale," meneja alisema. "Ukigawanya saa za kazi kwa siku, zinatosha."

"Idadi ni ileile, hali zao siyo. Na saa zinatosha kwa siku, hazitoshi asubuhi. Au tuwaambie wazee wabane mkojo mpaka saa nane mchana, wahudumu wanapokaa bure?"

Meneja alikuna kidevu. "Basi kati ya wale wawili wa usiku, abaki macho mmoja. Wa pili alale humuhumu, aamke asaidie asubuhi."

"Anayegeuzwa ili asipate vidonda hugeuzwa na watu wawili, usiku kucha. Huyo wako atalala saa ngapi? Kisha asubuhi umkabidhi bibi wa watu kwenye mashine, macho yanafumba kwa usingizi?"

"Shangazi, punguza hasira."

"Nikipunguza, wewe utaongeza nini?"

Mchana gari la hospitali lilileta mama aliyepooza upande mmoja, wa kujaza kitanda kilichokuwa wazi. Bila saini ya Shangazi kwamba anaweza kuhudumiwa, hangepokelewa. Shangazi alimshika yule mama mkono, akamweleza kwa upole kwamba kosa si lake. Kisha akamgeukia meneja mbele ya dereva.

"Kitanda kipo. Mikono haipo. Sitii saini."

Gari likageuza. Shangazi alilitazama likiondoka, hasira zimempanda, maana aliyerudishwa ni mgonjwa, si mkosaji.

Jioni meneja, akijua kitanda kitabaki kitupu bila saini yake, alimwita. Walipima upya hali ya kila mkazi, mmoja baada ya mwingine. Mhudumu mmoja wa mchana akahamishiwa zamu fupi, saa moja hadi saa tano asubuhi, na mwingine akaajiriwa kwa saa hizohizo. Usiku wakabaki wawili, wote wa kukesha.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata, akapokelewa vizuri. Meneja hakumsalimu Shangazi mwezi mzima.

"Salamu zake akae nazo," Shangazi alimwambia mumewe, akavua viatu kwa kishindo.