Chombo cha Watu

Mtafiti mkuu wa mradi wetu wa migomba, pale Bugene, alipata kazi ng'ambo, akaondoka akicheka na kuniachia mimi, mhasibu, kazi ya kuufunga. Wafadhili hawakutaka mwingine ashike nafasi yake. Waliagiza tusianzishe matumizi mapya, tulipe madeni tuliyokuwa nayo tu, kisha salio lirudi kwao pamoja na ripoti ya mwisho.

Kayanga nzima ilinishangaa. "Hela imeshafika Karagwe, unairudishaje?" waliniuliza hata dukani nilikofuata sabuni. Nilichoka kujibu, nikahamia duka lingine.

Mwenyekiti wa wakulima waliotupatia mashamba ya majaribio, mama mmoja wa Igurwa, hakuniuliza hilo. Alinijia na kahawa ya kutafuna, kaifunga vizuri kwenye jani la mgomba.

"Mwanangu, chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Hii iende na hela yao."

"Shikamoo mama. Hela inapitia benki."

"Marahaba. Na ripoti?"

"Posta."

"Basi."

Nikatia kahawa kwenye bahasha ya ripoti.

Miezi ikapita, jibu likaja. Salio limepokelewa, hesabu ziko sawa, ila kahawa haionekani kwenye matumizi. Ilinunuliwa kwa fungu lipi? Na kama ipo iliyobaki, ni mali ya mradi, tueleze iko wapi.

Nilipanda Igurwa nimekasirika, nikamsomea mama barua yote.

"Kumbe wameipenda," akasema, akaingia ndani kufunga nyingine.