Sifuri ya Mizani

Viatu tuliviacha mlangoni. Ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya maabara ya kompyuta pale mjini Kakamega, ghorofa ya pili juu ya duka la misumari na mabati, kwa sababu vumbi lilisemekana kuua mashine. Kwa hiyo kila mtu alijua soksi za mwenzake. Mimi sikuwa na soksi. Nyayo zangu zilikuwa na mipasuko ya shamba la miwa, na kijana aliyekaa nami benchi moja, mtoto wa mwenye duka, alizoea kuzitazama na kuniuliza kama nilizipanda mbegu.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, mwaka aliokufa baba. Mama alimfuata kabla mahindi hayajakomaa mara ya pili. Nikabaki na wadogo zangu watatu, wa mwisho msichana aliyekuwa darasa la tatu. Nilikata miwa, nikapakia miwa, kisha nikapata kazi ya kusimama kwenye mizani ya kijijini, pale trela zinapopimwa kabla ya kwenda kiwandani. Karani wa mizani ndiye aliyeniambia kuwa kompyuta zinakuja, na kwamba atatafutwa mtu wa kuzishika. Kanisa letu likanilipia kozi.

Baba zangu wadogo hawakuikataa kozi. Waliipa mwisho. Tulikaa nyumbani baada ya matanga ya mama na wakasema watoto hawawezi kulelewa na mtoto. Msichana angeenda Lugari kwa shangazi, ambako kulikuwa na mahindi mengi na mikono michache. Wale wavulana wangefuata baadaye. Nikaomba wasubiri nimalize kozi. Mkubwa wao akasema, "Siku pikap ya shangazi yako ikija mjini kuchukua mbolea, nitapita na mtoto hapo mnaposomea. Mwalimu akiniambia umemaliza, mtoto anarudi nyumbani. Akisema hujamaliza, anapanda gari." Wote waliona ni haki. Mimi pia niliona ni haki, kwa sababu nilidhani nitamaliza.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kilichobaki ni programu moja. Ilitakiwa kupokea uzito wa miwa wa trela tatu za mkulima mmoja, ikirudia mistari ile ile, kati ya neno FOR na neno NEXT, kwa kila trela, kisha itoe jumla. Mwalimu wa maabara hakumsainia mtu yeyote kwamba amemaliza kozi kabla programu yake haijatoa jibu sahihi mbele ya macho yake.

Huyo mwalimu alikuwa mwembamba, hakupandisha sauti, na mfuko wa shati lake ulikuwa na disketi nyeusi. Sote tulijua kilichokuwa ndani ya disketi ile: majibu ya mazoezi yote, yamekamilika, yanafanya kazi. Hakuwahi kumpa mtu. Ukimwuliza swali alikurudishia swali.

Niliingiza saba, tano na sita. Skrini ikasema sita.

"Mwalimu," nilimwita. "Imekataa."

"Imekataa nini?"

"Kujumlisha."

"Imekwambia imekataa?"

Kijana wa benchi langu alicheka kwa pua.

"Inasema sita," nilisema. "Inatakiwa iseme kumi na nane."

"Umeiandikia iseme kumi na nane?"

"Mwalimu, leo sina nafasi. Nipe tu ile iliyokamilika niione. Nitaiga, kisha usiku nitaielewa." Nikamweleza yote kwa sauti ya chini: pikap, baba mdogo, msichana. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akainama mpaka disketi ikaning'inia karibu na uso wangu, akaitazama skrini yangu.

"Dada yako ameingia mstari wa ngapi hapa?"

Nilishusha macho kwenye kibodi.

"Nauliza kwa sababu simwoni. Naona FOR, naona NEXT, naona JUMLA. Huyo dada yuko wapi?"

Darasa zima lilicheka. Nilicheka pia, kidogo, kama mtu anavyocheka akipigwa mbele ya watu.

"Tuendelee," alisema. "JUMLA ina nini kabla ya trela ya kwanza?"

"Sifuri."

"Nani ameiweka hiyo sifuri?"

"Mimi. Huu mstari hapa."

"Trela ya kwanza imeingia, ina tani saba. JUMLA sasa ina nini?"

"Saba."

"Vizuri sana, mzee wa miwa. Kisha mashine inafika NEXT. Inaenda wapi?"

"Inarudi."

"Inarudi nyumbani? Inarudi sokoni Khayega? Inarudi wapi?"

"Inarudi juu. Kwenye FOR."

"Ikirudi kwenye FOR, inasoma mstari gani unaofuata?"

Niliutazama mstari. Niliuona kwa macho, lakini kichwa hakikuuona. Nje, barabarani, honi zilikuwa zikipigwa, na kila honi niliisikia kama ya pikap.

"Mwalimu, nionyeshe tu."

"Nikikuonyesha, ukienda kwenye mizani nitakuja kukuonyesha huko pia? Wewe utakuwanga karani au utakuwanga kidole changu?"

Ndipo baba mdogo alipofika, dada yangu nyuma yake. Alisimama mlangoni na gambuti zake, udongo wa shamba umekauka juu yake. Mwalimu alimwonyesha viatu vilivyopangwa ukutani. Baba mdogo alivitazama, akatikisa kichwa, akabaki nje ya kizingiti. Dada yangu ndiye aliyevua. Alivua vile viatu vyake vya shule, akavipanga sawasawa na vya wengine kama mgeni mwenye adabu, akaingia na mfuko wa nailoni uliokuwa na nguo zake. Akaja mpaka kwenye kiti changu.

"Hiyo ndiyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alisoma polepole. Nambari zangu zilikuwa bado ziko pale, moja chini ya nyingine. "Saba na tano na sita si ni kumi na nane?"

"Ni kumi na nane."

"Mbona imeandika sita?"

Kijana wa benchi langu akasema, "Mpe yeye kiti, kaka. Atamaliza haraka." Wakacheka tena, na dada yangu, kwa kuwa hakujua nani anachekwa, akatabasamu.

"Mwarimu," baba mdogo aliita kutoka mlangoni. Aliivua kofia, akaishika kifuani, maana aliwaogopa watu wa vitabu. "Habari ya kazi. Huyu kijana yetu, amemaliza?"

Niliwahi kumsikia mwalimu akijibu swali la mkuu wa chuo kwa swali. Fundi wa umeme alimwuliza sehemu ya kuunganisha waya, akamwuliza waya ni ya nini. Nilimngoja amwulize baba mdogo kumaliza ni nini, au ana haraka ya wapi. Swali moja tu lingetosha kula muda.

"Bado," alisema mwalimu.

"Ako karibu?"

"Mwulize mwenyewe."

Baba mdogo alinitazama. "Uko karibu?"

"Nimebakisha mstari mmoja," nilisema. "Mwalimu, mwambie. Ni mstari mmoja tu."

"Kumbe unaujua?" alisema mwalimu. "Ni upi?"

Kidole changu kilienda kwenye skrini na kusimama hewani. Kila mtu alikuwa akikitazama, hata dada yangu. Nilikishusha mahali. Ulikuwa mstari wa PRINT, ule wa kuandika jibu tu.

"Sio huo," alisema mwalimu.

Baba mdogo alirudisha kofia kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeuliza na kujibiwa. "Pikap inangoja, mama," alimwambia dada yangu. "Shangazi hataki kuendesha na giza."

Dada yangu hakulia. Alinishika sikio, kama alivyozoea kufanya akiwa mdogo nikimbeba mgongoni, kisha akaenda mlangoni, akachuchumaa kufunga kamba za viatu. Alikuwa anafunga fundo la kwanza kwa shida kila siku; nyumbani nilimfungia mimi. Niliinuka.

"Keti," alisema mwalimu. "Ukitoka, mashine hii inapewa mwingine, na wiki ijayo hakuna maabara."

Niliketi. Nilisikia gambuti na viatu vidogo vikishuka ngazi. Halafu nikasikia mlango wa gari, na baada yake sikuweza kutofautisha sauti yoyote na nyingine.

"Tuliishia wapi?" aliuliza mwalimu.

Nilitaka kumpiga. Mikono yangu ilikuwa ya panga, yake ilikuwa ya chaki. Lakini kule nyumbani walibaki wavulana wawili, nao pia walikuwa wametajwa.

"Kwenye FOR," nilisema.

"Mashine imerudi kwenye FOR. Mstari unaofuata unasemaje?"

"JUMLA ni sifuri."

"Na zile tani saba?"

Niliifuata mistari kwa kidole, kutoka FOR kwenda chini.

"Nauliza, zile tani saba zimeenda wapi?"

"Zimefutwa."

"Nani amezifuta?"

"Mimi."

"Kwa nini uliweka sifuri hapo?"

"Kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Trela ikishuka, mizani inarudishwa sifuri. Usiporudisha, mkulima anayefuata anapimiwa miwa ya mwenzake. Siku moja nilikaribia kufukuzwa kwa kusahau."

Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni badala ya skrini. "Na mizani ikirudi sifuri, nani anakumbuka tani saba?"

"Karani."

"Karani naye anafuta?"

"Hapana. Karani anaongeza tu."

"Basi JUMLA ni mizani au ni karani?"

Niliukata ule mstari na kuupandisha juu ya FOR, mahali ambapo mashine ingeusoma mara moja tu, kabla trela yoyote haijaingia. Nilitaka kubonyeza. Alinizuia mkono.

"Itasema nini? Niambie kwanza."

"Kumi na nane."

Nikaingiza saba, tano, sita. Ikasema kumi na nane. Hakuna aliyecheka. Kijana wa benchi langu aliitazama skrini yangu, akaanza kunakili, na mwalimu akaizima skrini kwa kitufe.

"Umeona?" aliniambia. "Ulikuwa unajua." Akasaini, akaenda benchi lingine, disketi ikicheza mfukoni.

Kazi ya mizani niliipata, na wale wavulana walikaa nami mpaka wakamaliza shule. Krismasi ya kwanza nilikwenda Lugari na soda na kitambaa cha gauni, nikasema nimekuja kumchukua dada yangu. Shangazi alinikaribisha vizuri, akanichinjia ingokho, kuku wa mgeni, akaniuliza nani atapukuchua mahindi yale yote. Baba mdogo naye alisema mtoto ameshazoea, ana shule, asihamishwehamishwe kama ndoo.

Nilimkuta dada yangu nyuma ya nyumba, ameketi juu ya gunia, vidole vimefungwa vitambaa.

"Ile kitu ilifika kumi na nane?" aliniuliza.

"Ilifika."

"Lini?"

Ningeweza kumwambia wiki iliyofuata. "Siku ile ile," nilisema.

Alipukuchua gunzi moja mpaka likabaki jeupe. "Sisi tulikuwa wapi?"

Nilifikiria barabara ile ya Lugari, ambapo Malava haijafika hata nusu ya safari, na pikap iliyojaa mbolea inavyopanda vilima.

"Mlikuwa hamjafika hata Malava," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akachukua gunzi lingine.