Kura au Kula

Chumbani kwa wasahihishaji wa vitabu walimwita Rula, kwa sababu ya rula nyeusi aliyoishika mbele ya kompyuta kutwa nzima. Zamani alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalizoea kufuata mshono.

Safari hii alipewa kumbukumbu za marehemu mmoja, kiongozi wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mjane wake alileta maandishi ya mkono, yakapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kisha mpiga chapa akayachapa. Rula aliweka picha kushoto, chapa kulia. Alisoma kila mstari kuanzia neno la mwisho, herufi baada ya herufi, hata mikato, ili maana isimpitishe haraka. Pande zote mbili alizifunga zisibadilike. Tofauti aliziandika kwenye faili la tatu: ukurasa, mstari, picha inaonyesha nini, chapa inasema nini.

Marehemu aliandika “kurara” na “kuregea”. Mpiga chapa, kwa roho nzuri tu, alikuwa amemnyooshea: “kulala”, “kulegea”. Rula akaziandika zote.

Mhariri akaja juu. “Dada, kila mtu anajua alimaanisha kulala. Kiwandani wanakingojea kitabu.”

“Tutaeleza chini ya ukurasa. Neno lake libaki.”

“Utatuchelewesha.”

“Nitawachelewesha,” alijibu bila kuinua macho.

Akafika ukurasa wa mgomo. Chapa ilisema: “Siku ile nilikataa kula.” Kwenye picha aliona “kura”. Aliikuza, akailinganisha na r ya “karatasi” na l ya “lakini”, zote za ukurasa uleule. L zake zilikuwa ndefu. Hii ilikuwa fupi. Akaandika: r.

“Lakini huyu huchanganya r na l,” mhariri alisema. “Huenda alitaka kusema kula.”

“Huenda. Mimi nasema alichoandika.”

Wakampigia simu mjane, akaja mchana.

“Mama, marehemu aliwahi kugoma kula?”

Mjane alicheka mpaka akatafuta kiti. “Huyo? Hata msibani aliomba sahani ya pili. Wenye kiwanda waliitisha kura ya kumaliza mgomo, akakaa nje getini.”

Mhariri alishusha pumzi. Rula akaandika maneno ya mjane kwenye maelezo, akitaja kwamba ni ya mjane.

“Lakini hizo kurara nyingine mnyooshee, mwanangu,” mjane alisema. “Watu watamcheka.”

“Mama, neno kura lilipotea kwa sababu ya kunyoosha hizo.”

Mjane aliitazama picha kitambo, kidole chake karibu na kioo. “Basi ziache. Ndivyo alivyoongea nyumbani.”

Mpiga chapa alirekebisha kwenye nakala mpya, ile ya kwanza ikahifadhiwa. Mhariri mwenyewe akavuta kiti ailinganishe hiyo mpya tena na picha.

“Naanzia wapi?” aliuliza.

“Mwisho wa mstari,” Rula alisema, akampa rula.