Alama Moja kwa Kila Kosa

Sijawahi kujifanya mtu wa kusamehe. Kanisani kwetu, akina mama wa chama waliponishika mkono na kuniambia niachilie mambo ya zamani, niliitikia amina kwa heshima, halafu nikaenda zangu na kinyongo changu kikiwa salama. Mtu niliyemwekea kinyongo hicho alikuwa mwalimu mwenzangu, mzee mwenye suti ya kahawia na sauti ya kuhubiri. Aliyekosewa si mimi, ni mdogo wangu.

Tulikuwa tunakaa Eastlands, katika zile nyumba za baraza la jiji zenye chumba kimoja na jiko la pamoja. Baba alikuwa dereva wa lori, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza nyumbani kupata kazi ya ualimu. Mdogo wangu alikuwa na kichwa chepesi kuliko changu. Alipomaliza shule, kulitokea kozi ya ukarani na kupiga taipu katika ukumbi mmoja wa mtaani. Mfadhili alikuwa amelipia nafasi moja tu, na aliyepewa kazi ya kutunga mtihani wa kuchagua mtu wa kuipata ni huyo mwenye suti ya kahawia.

Ulikuwa mtihani wa kuchagua jibu. Maswali hamsini, kila moja na majibu manne, A hadi D. Juu ya karatasi kuliandikwa hivi tu: "Jibu maswali yote." Mdogo wangu akajibu yote, kama alivyoambiwa. Aliyoyajua akayaandika haraka, asiyoyajua akayakisia, kwa sababu maagizo ni maagizo na yeye amelelewa kutii.

Matokeo yalipobandikwa ukutani, jina lake lilikuwa na alama kumi na mbili. Nafasi ilikwenda kwa kijana aliyepata kumi na sita. Nilimshika mdogo wangu mkono tukaenda kuuliza, na yule mzee akatuonyesha hesabu bila aibu yoyote. Mdogo wangu alipata maswali thelathini na moja na kukosa kumi na tisa. Kila kosa lilikatwa alama moja. Yule kijana alijibu ishirini tu, akapata kumi na nane, akakosa mawili, na mengine yote akayaacha wazi.

"Lakini hawakuambiwa kwamba mtu akikosa anakatwa," nikasema.

"Mtihani si harusi, mwalimu," akajibu. "Hatumpi mtu kadi ya kumwalika. Mwenye akili angejua asichezee kubahatisha."

Mdogo wangu alilia kutoka pale hadi mlangoni kwetu. Baadaye akapata kimeza cha kuuza mboga Kariobangi, akazoea, akaolewa, akacheka tena. Mimi sikuzoea. Kila nilipomwona akimwagia sukuma wiki maji isinyauke juani, roho ilinichoma upya, na nikajiapia kwamba siku moja nitamwonyesha yule mzee cha mtema kuni.

Siku hiyo ilichelewa, lakini ilifika. Miaka ya themanini ilipoanza, shule kadhaa za mitaa yetu ziliungana kutunga mtihani mmoja wa majaribio kwa darasa la saba. Kila shule ikatoa mwalimu. Nilipoingia kwenye kikao cha kwanza, nani nikamkuta kwenye kiti cha mbele? Suti ilikuwa nyingine, ila rangi ni ile ile. Hakunikumbuka hata kidogo. Nikamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu," huku moyoni nikimpangia.

Mambo ya mtihani huo hayakuwa mchezo. Wakuu wa shule walikuwa wamekubaliana kwamba mtoto atakayepata chini ya nusu atarudia darasa, asiandikishwe kwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Darasani kwangu nilikuwa na watoto wengi wa katikati, wale ambao maswali matano yanaweza kuwapandisha au kuwaangusha. Nikajua kila neno tutakaloandika juu ya karatasi ile litawaangukia wao.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu, akasimama, akatoa pendekezo lake. Mtoto akikosa, akatwe alama moja. Sababu yake haikuwa ya kijinga, lazima niseme hivyo ingawa inaniuma. Swali likiwa na majibu manne, alisema, hata asiyejua kitu akifumba macho na kuchagua, atapata robo ya maswali bure. "Tunawapa alama wavivu," akasema. Walimu wengine wakatikisa vichwa.

"Na watoto tutawaambia?" nikauliza.

"Tutaandika: jibu maswali yote, kila swali ni alama moja. Inatosha. Ukiwaambia zaidi utawachanganya."

Nilihisi mwili wote umepata moto. Maneno yale yale! Lakini sikupiga kelele. Nilimwambia kwa sauti tamu kabisa kwamba wazo lake ni zuri, ila kabla ya kuwapa watoto, kwa nini tusilijaribu sisi wenyewe kwanza? Mimi na mwalimu wa sayansi kimu tutunge maswali ishirini, kamati ifanye Jumamosi ijayo, tusahihishe kwa kanuni yake, tuone inavyokwenda. Akafurahi. Mtu anayejipenda ukimwambia wazo lake lijaribiwe, husikia kwamba linasifiwa.

Mwalimu wa sayansi kimu alikuwa mama mmoja jirani yangu, kwao Murang'a, asiyependa maneno mengi. Nilipomweleza ninachotaka, alicheka mpaka akashika ubavu. Tukatunga maswali ya upishi, ya kushona, ya kufua nguo za sufu na kumlisha mtoto aliyeachishwa ziwa. Hakuna lolote lililokuwa nje ya kile tunachowafundisha wasichana wa darasa la saba. Juu ya karatasi nikayanakili maagizo ya mwenyekiti bila kugusa neno.

Jumamosi tukakaa kwenye ofisi ya walimu ya shule moja, mafundi wa jua kali wakigonga mabati ng'ambo ya ukuta. Mwenyekiti akavaa miwani, akajibu maswali yote, kwa kuwa karatasi ilisema yote. Nilimwona anavyosita kwenye swali la mshono wa kupindia, akiitazama dari, halafu anaandika herufi. Kando yake kulikuwa na mwalimu mmoja kijana, mvivu ajabu. Huyo alijibu manne ya kufua nguo, maana alikuwa kapera na alijifulia mwenyewe, kisha akaweka kalamu chini akatoka nje kuvuta sigara.

Kwa kusahihisha tulikuwa na kadi ngumu iliyotobolewa matundu mahali pa majibu sahihi. Unailaza juu ya karatasi ya mtu, unahesabu alama zinazoonekana kwenye matundu. Kwa kawaida kazi inaishia hapo. Lakini kwa kanuni ya mwenyekiti ilibidi tuinue kadi, tuhesabu tena yaliyokosewa, tuyatenge na yaliyoachwa wazi, ndipo tutoe. Watu wazima sita tulikosea kutoa mara mbili kwa karatasi chache tu. Mama wa sayansi kimu akauliza itakuwaje kwa karatasi za watoto mia kadhaa.

Kisha nikaomba kila mtu asome matokeo yake kwa sauti. Kijana mvivu alikuwa amejibu manne, akapata yote manne. Alama nne. Mwenyekiti alikuwa amepata saba na kukosa kumi na matatu.

"Saba toa kumi na tatu," nikasema. "Soma, mwalimu, tusikie."

Akaisogeza ile karatasi karibu na miwani. "Sita," akasema, "chini ya sufuri."

Kijana akaangua kicheko. Mwenyekiti akavua miwani, shingo imemvimba. "Huyu amejua manne, mimi nimejua saba! Anawezaje kunishinda? Na mimi sikuambiwa! Ningeambiwa nakatwa, haya ya kushona ningeyaacha!"

Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa miaka. Nilisimama, nikaweka mikono juu ya meza.

"Mtihani si harusi, mwalimu. Hatumpi mtu kadi ya kumwalika."

Hapo ndipo aliponikumbuka. Nililiona likimjia usoni polepole, ule ukumbi, ule ukuta, yule msichana analia. Akafungua mdomo, akaufunga. Sikumhurumia, na mpaka leo nikikumbuka ule mdomo nasikia raha.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Nikawaeleza wenzangu kwamba kama wanataka kweli kumzuia anayebahatisha asifaidi, kwa majibu manne kosa hukatwa theluthi ya alama, wala si alama nzima. Anayekisia manne atapata moja kwa bahati na kukosa matatu. Theluthi tatu zinaondoa ile moja, anabaki alipokuwa. Ukikata alama nzima humrudishi alipokuwa, unamchimbia shimo, na anayetumbukia ni yule anayethubutu. Na hata ukikata theluthi, lazima aambiwe kabla hajashika kalamu. Lakini kwa nini tukate kabisa, wakati mtihani wenyewe wa mwisho wa mwaka haukati? Tukiwafundisha watoto kuogopa na kuacha maswali wazi sasa, wataacha wazi na siku ile kubwa, na hakuna atakayewarudishia alama hizo.

Tukapiga kura. Hata mwenyekiti aliinua mkono, akiangalia dirishani. Nikapewa kuandika maagizo, nikaandika hivi: "Kila jibu sahihi lina alama moja. Jibu lisilo sahihi halina alama, wala halikupunguzii alama ulizopata. Swali uliloacha wazi halina alama. Kwa hiyo usiache swali lolote wazi. Usipojua jibu, ondoa yale unayoona si kweli, kisha chagua moja kati ya yaliyobaki."

Nikaongeza ombi moja dogo. Maagizo yasomwe kwa sauti katika kila shule, na kwetu aje ayasome mwenyekiti mwenyewe. Akaja. Akasoma mbele ya watoto wangu, neno kwa neno. Msichana mmoja akainua mkono kuuliza kama kweli akikosa hatakatwa, na yule mzee ikambidi aseme, "Hukatwi kitu." Nikamwomba arudie, walio nyuma hawajasikia. Walikuwa wamesikia. Akarudia.

Jioni nikaenda Kariobangi mbio mbio kama mtu aliyebeba nyama ya sikukuu. Nikamsimulia mdogo wangu yote, ile sita chini ya sufuri, ile shingo, ule mdomo. Alicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha akaniambia nimsomee hayo maagizo niliyoandika. Nikamsomea yote mpaka mwisho, kwa majivuno.

Akazungusha nyanya moja juu ya meza kwa kidole.

"Usiache lolote wazi," akasema. "Usipojua, ondoa yasiyo kweli, chagua katika yaliyobaki. Si ndivyo nilivyofanya, dada?"

Ndivyo alivyofanya, hatua kwa hatua, na ndivyo alivyonyimwa nafasi. Kicheko kilinikauka, na hasira yangu ikarudi mbichi kama siku ya kwanza.