Baki Husomwa Kutoka Chini

Mwaka ule tulisoma kompyuta bila kompyuta. Mwalimu alichora moja ubaoni, kioo na vibonye, akaiacha hapo hadi mafundi wa kupaka chokaa walipoifuta. Kiwanda cha shaba kilikuwa kimesimama, baba zetu wanashinda nyumbani, na sisi watoto wa mji wa Likasi tulikaa darasani kuhesabu kwa sifuri na moja tu. Sikuona ajabu. Nilikuwa hodari, na nilipenda watu wajue.

Kubadilisha namba ya kawaida kuwa ya sifuri na moja ni kazi nyepesi. Unaigawa kwa mbili, unaandika baki pembeni, unagawa tena jibu chini yake, mpaka ufike sifuri. Halafu unazisoma zile baki. Siku mwalimu alipofundisha hayo nilikuwa kwenye foleni ya maji; nilifika somo likiisha, nikanakili hesabu kutoka ubaoni na kujiambia nimeelewa. Baki nilizisoma kutoka juu, kama mtu anavyosoma kitu chochote.

Na majibu yalitoka sawa! Mwalimu alikuwa na daftari moja kuukuu, na mifano yake ilikuwa ile ile kila wiki: tisa, ishirini na saba, arobaini na tano. Tisa ni 1001. Ishirini na saba ni 11011. Arobaini na tano ni 101101. Zisome kutoka juu, zisome kutoka chini, hazibadiliki. Mwaka mzima nilipata alama zangu na sikuwahi kushtuka.

Rafiki yangu wa dawati moja alikosa masomo wiki nyingi, kwa sababu shangazi aliyemlea alimpeleka Kakontwe kuponda mawe. Shangazi alikuwa amesema wazi: akianguka mtihani wa mwisho wa mwaka, shule basi, mawe moja kwa moja. Kwa hiyo kila alasiri nilimfundisha uani kwetu, kwa mkaa juu ya saruji. Nilikuwa mkali kuliko mwalimu. Akisita, namgonga kidole.

"Anza juu," nilimwambia. "Juu, weye! Uko unalala?"

Karatasi hazikuwepo, kwa hiyo mtihani ulikuwa wa mdomo, ubaoni, swali moja kwa mtu. Safari hii maswali yalitoka kwa mkuu wa shule. Rafiki yangu aliitwa kwanza, mimi nikisubiri kwenye benchi la mbele. Alipewa ishirini na mbili na kumi na moja: abadilishe zote mbili, ajumlishe, arudishe jibu katika namba ya kawaida.

Aligawa vizuri. Baki za ishirini na mbili zilishuka: 0, 1, 1, 0, 1. Za kumi na moja: 1, 1, 0, 1. Akaandika 01101, na chini yake 1101.

Niliitazama ile mistari miwili. Ondoa sifuri ya mbele, ni namba ile ile. Ishirini na mbili na kumi na moja zinawezaje kuwa namba ile ile? Nikazisoma baki kutoka chini kwenda juu: 10110, 1011. Nafasi kutoka kulia ni moja, mbili, nne, nane, kumi na sita: kumi na sita na nne na mbili, ishirini na mbili. Nane na mbili na moja, kumi na moja. Basi ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Yeye alikuwa ameshaanza kujumlisha. Moja na moja, andika sifuri, beba moja. Hakukosea hata mahali pamoja. Akapata 11010, akarudisha: kumi na sita, nane, mbili. Ishirini na sita.

"Vingt-deux na onze ni ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Trente-trois, monsieur." Thelathini na tatu, alijibu sawa.

"Na weye umeandika vingt-six. Nani alikufundisha kusoma kutoka juu?"

Hakugeuka. Ningeweza kusimama. Benchi lilikuwa hatua tatu kutoka ubaoni.

"Ni miye mwenyewe, monsieur. Nilijifunza vile."

Mwalimu aliandika sifuri kwenye orodha, akaniita mimi. Nilipewa kumi na tisa na kumi na mbili. Nikasoma kutoka chini: 10011, 1100, jumla 11111, thelathini na moja. Mwalimu alinisifu mbele ya wote, nami nikasema asante.

Tulirudi nyumbani pamoja. Nilitaka anitukane, ingenipunguzia aibu. Tulipofika uani kwetu, aliinama akaokota kipande cha mkaa tulichoacha jana, akaandika baki za ishirini na mbili kwenye saruji, moja chini ya nyingine.

"Kumbe banasoma kutoka chini, njo vile?"

"Njo vile," nilikiri, ndivyo.

Akaandika 10110, akaitazama kidogo, kisha akafuta mikono kwenye sketi ya shule. Jumatatu aliondoka na shangazi yake kwenda Kakontwe.