Kitufe cha Kukimbia

Mdogo wangu alikuwa na banda la gemu mtaa wa Daraja Mbili: chumba kimoja, mlango wa bati, benchi mbili, televisheni ukutani na laptop iliyounganishwa nayo kwa waya. Mjini yako mabanda yenye mashine bora kuliko ile. Watu walikwenda kwake kwa ajili ya mdomo wake. Wateja wawili walipokaa na pedi zao kucheza mpira wa kwenye skrini, yeye alisimama nyuma yao akautangaza mchezo kama uko uwanjani, na wapita njia wakasimama mlangoni kusikiliza mechi ya watu wasiowajua.

Sauti yake ilianza kukwaruza wakati wa mvua. Tulisema ni vumbi, kisha tukasema ni baridi. Mwishowe daktari akatuambia kuwa uvimbe umeshika kisanduku cha sauti kooni, na kisanduku chenyewe kitatolewa chote. Atapumua kwa tundu la shingoni.

"Na kuongea?" mdogo wangu aliuliza.

"Utafundishwa namna nyingine."

"Hiyo namna nyingine haitakuwa mimi," alisema.

Aliahirisha upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana mafua, mara ya pili alisema banda halina wa kuliangalia. Mama yetu, anayeishi juu kwenye migomba na kahawa yake upande wa mlimani, hakubishana naye. Aliniita mimi jikoni akaniambia kwa Kimeru kwamba watakayoyatoa watoe, lakini kabla hawajatoa nimwekee sauti ya mwanawe. Si ya kusalimia. Alitaka ile ya mpira, ambayo mtoto yule aliianza uani kwetu, akitangaza wenzake walipokuwa wakikimbiza mpira wa majani makavu ya mgomba.

Nilidhani ni kazi ndogo. Nilimshikia simu mbele ya mdomo, akatangaza bao la kubuni, na tuliposikiliza ilikuwa kama mzee wa kanisa anasoma matangazo ya usharika. Yeye mwenyewe alicheka hadi akakohoa. "Dada, futa hiyo. Huyo ni marehemu tayari."

Tukajaribu kurekodi kwa laptop yenyewe, wakati wa mechi halisi. Windows ina kitu kiitwacho Game Bar kinachonasa mchezo pamoja na maikrofoni. Unabonyeza vitufe vya Windows, Alt na R kwa pamoja, kinaanza, na kijisanduku chenye saa inayotembea kinakaa kwenye kona ya skrini. Hapo ndipo palipomshinda. Kila alipofungua mdomo, macho yalikwenda kwenye ile saa.

"Inanihesabia," alisema.

Nikasoma, nikauliza watu, nikapata njia iliyomfaa mtu wa aina yake. Mashine inaweza kurekodi kimyakimya nyuma ya mchezo muda wote, bila kuhifadhi chochote. Inashikilia sehemu ya mwisho tu na kuitupa ya zamani kadiri mpya inavyoingia. Likitokea jambo zuri unabonyeza Windows, Alt na G, na kile kilichokwisha kutokea kinahifadhiwa. Yaani angetangaza bila kujua ni lini ananaswa, kwa sababu kunaswa kungeamuliwa baadaye. Kitufe kingekuwa changu.

Nilifika bandani asubuhi, kabla ya wateja. Nilifungua mipangilio, sehemu ya michezo, kisha ya kunasa. Kurekodi kwa nyuma kulikuwa kumezimwa, nikakuwasha. Nikafungua mechi, nikabonyeza. Kimya. Nikajaribu Windows na G, ambayo hufungua Game Bar yenyewe. Kimya. Nikaangalia orodha ya njia za mkato kama kuna aliyezibadilisha. Zilikuwa zile zile. Nikaenda kwenye orodha ya programu, nikairekebisha Game Bar, ikashindikana, nikairudisha kwenye hali yake ya mwanzo. Nikazima mashine na kuiwasha. Bado nilikuwa kama ninayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi akinywa uji kwa maumivu, akinitazama. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Unabonyeza kitufe gani?"

"Hiki cha Windows."

"Ah. Hicho hakifanyi kazi hapa. Hicho ni kitufe cha kukimbia."

Akanieleza. Wateja waligundua zamani kwamba anayefungwa akinyoosha mkono na kugusa kitufe kile, mchezo unajificha na skrini inaruka nje. Mtu yuko nyuma mabao matatu, anagusa, kisha analalamika kuwa mashine mbovu, mechi irudiwe. Watu walikaribia kupigana. Kwa hiyo alikifunga. Laptop ile ilitengenezwa kwa ajili ya wacheza gemu, na ukishika kitufe cha Fn pamoja na hicho, kinakufa, hadi mtu afanye hivyo hivyo tena. Na kurekodi kwa nyuma alikuzima yeye pia, kwa sababu kulikuwa kunailemea mashine.

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza. Si wewe ndiye unayeuliza watu na kuandika habari zao?"

Alinyoosha kidole, akashika Fn na kitufe cha Windows, na nilipobonyeza tena Game Bar ilifunguka juu ya skrini yote, na mimi nikapiga kelele peke yangu. Nilihakikisha maikrofoni imewashwa. Nilipoweka dakika kumi za kushikilia, wachezaji walianza kutembea kama wenye miguu ya udongo. Mashine ilikuwa imezeeka. Tukapunguza hadi sekunde thelathini, ikapumua. Kipande cha majaribio kilihifadhiwa kwenye folda ya video, kelele za uwanja na mimi nikisema "moja, mbili".

"Sekunde thelathini zinatosha bao moja," alisema. "Ila ubonyeze hapo hapo. Ukichelewa, umekula hewa."

Jumapili, baada ya ibada, ilikuwa siku yake ya mwisho bandani kabla ya upasuaji. Kesho yake alitakiwa kulazwa, na mara hii alikuwa amekubali. Hakutaka watu wengi. Alikuja rafiki yake, fundi simu wa mlango wa pili. Wakashika pedi wote wawili, kwa sababu alitaka kutangaza mechi yake mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni, vidole vikiwa karibu na vitufe.

Hawajamaliza hata kupanga timu, umeme ukakatika. Televisheni ikazima. Laptop ikabaki.

"Tuchezee hapo hapo," fundi alisema. "Chaji ipo."

Wakavuta benchi, vichwa vikakaribiana mbele ya skrini ndogo. Barabarani kulitulia, kwa kuwa redio zote zilikuwa zimenyamaza. Labda ni kile kimya kilichomfungua. Alianza chini, kwa mkwaruzo, kisha sauti ikatafuta njia yake na kuipata.

"Anakwenda, anakwenda! Amemwacha beki amesimama kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani! Jamani, Mlima Meru umefunikwa na wingu, na kipa naye amefunikwa na wingu, haoni kitu, anapapasa… ndaniii!"

Fundi alicheka hadi pedi ikamponyoka. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo alisimama mlangoni. Ilikuwa ile sauti ya uani kwetu. Nilibonyeza Windows, Alt na G pale pale, bila kuchelewa hata kidogo.

Hakuna taarifa iliyotokea kwenye kona. Nikabonyeza tena. Kitufe hakikuwa kimefungwa, maana nilipojaribu Windows na G, Game Bar ilifunguka na kuwafunika katikati ya mchezo.

"Dada, toa hiyo, nafungwa!"

Nikaitoa. Akatangaza bao la pili, la kwake tena, refu kuliko la kwanza, na mimi nikabonyeza kwa nguvu, kama nguvu ingesaidia. Yalipofika mapumziko nilifungua folda. Ndani mlikuwa na "moja, mbili" yangu tu.

Tatizo nililiona nilipoifungua tena sehemu ya kunasa. Chini ya kurekodi kwa nyuma kulikuwa na swichi ya peke yake, ya kuruhusu kurekodi mashine inapotumia betri. Ilikuwa imezimwa. Asubuhi ile ya majaribio tulikuwa na umeme, na hakuna aliyeifikiria. Tangu umeme ulipokatika, mashine haikuwa imeshikilia kitu chochote.

Nikaiwasha. Sikuwaambia. Nilisema tu, "Endeleeni."

Lakini sauti ilikuwa imekwisha. Kipindi cha pili alicheza kimya, akimeza mate kwa shida, mkono ukienda shingoni. Fundi alisawazisha, kisha akapata la tatu, na akaanza kumchokoza, nadhani ili kumrudisha.

"Vipi mtangazaji, umeishiwa? Hilo bao langu halina maneno?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa.

"Nakuona unavyoitazama kibodi. Bonyeza basi! Kitufe cha kukimbia hicho hapo, leo kiko wazi. Kimbia!"

Mdogo wangu hakutoa macho kwenye skrini. Filimbi ya mwisho ililia. Akaweka pedi mezani taratibu, akasema, kwa sauti iliyokuwa pumzi zaidi kuliko sauti:

"Hapa hakuna kukimbia."

Nikabonyeza. Taarifa ikatokea kwenye kona: kipande kimehifadhiwa.

Alikwenda hospitali kesho yake, na alirudi akiwa na kitambaa shingoni. Sasa anaandika kwenye simu na kumwonyesha mtu. Bandani hutangaza anayejisikia kutangaza, na mara nyingi hakuna. Kitufe amekifunga tena.

Kile kipande nilimpelekea mama. Tulikaa jikoni, nikaweka simu juu ya meza. Sekunde thelathini: kelele za mashabiki wasio na nchi, kicheko cha fundi, "kimbia", filimbi, kisha maneno yale matatu. Mama aliinama karibu na simu kama anayesikiliza mtoto aliyelala.

"Ndiye huyo?" aliuliza.

"Ndiye."

"Mbona anaongea kama mgonjwa?"

Akanirudishia simu, akafuta meza pale ilipokuwa imelala, akasema nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu alitoka nje kabla ya filimbi, akasimama uani akiutazama mlima, na mimi sikuisimamisha. Ikamalizika yenyewe, jikoni, bila mtu wa kuisikiliza isipokuwa mimi.