Nilimkatisha Mshtakiwa Mwenye Kovu

Admin, naomba unifichie jina, na mahakama pia usiitafute. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani wa mahakama moja huku Mombasa bara, kwa mkataba wa miezi sita. Nakaa Kisauni. Ninayoandika hapa sijamwambia hata mama yangu.

Kazi yangu ni kusoma mashtaka na kutafsiri. Mshtakiwa asiyejua Kiswahili vizuri husema kwa Kigiriama, mimi nageuza, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo kinachoingia kwenye rekodi ni maneno yangu. Yake yanapotelea hewani.

Siku kumi na mbili zilizopita waliletwa watu wawili waliofanya kazi hoteli moja ya ufuoni. Shtaka lao lilikuwa moja, wizi wa mashuka na taulo. Mmoja ni binti wa kitengo cha kufulia, mzuri mpaka askari wa kizimbani alisahau kumfungua pingu. Wa pili ni mtunza bustani, kaka mmoja aliyeungua usoni utotoni. Jicho lake moja halifungi, na anapokutazama unahisi anakutisha hata kama anaomba maji.

Wote walikubali kosa. Hakimu akauliza kama wana la kusema kabla ya adhabu. Binti alizungumza taratibu, machozi yakimlengalenga, nami nikamtafutia maneno mazuri: anajuta, anamtunza mama mgonjwa, anaomba nafasi ya pili. Hata kigugumizi chake nilikinyoosha. Kisha akaanza yule kaka. Aliongea kwa sauti nzito, akirudiarudia, na foleni ilikuwa ndefu. Nikamkatisha. Nikasema, "Mheshimiwa, anakubali alibeba. Anaomba msamaha."

Wallahi alisema zaidi ya hapo. Alisema, "Nilibeba kwa kuwa huyu dada aliniambia ni mashuka ya kutupwa." Nilisikia. Nilidhani ni visingizio vya kawaida, nikaviacha.

Watu wa sheria mnajua uzito wake. Mshtakiwa akikubali kosa, kisha akasema jambo linaloonyesha hakujua anaiba, hakimu anatakiwa kuandika kwamba amekana, na kesi isikilizwe kwa mashahidi. Hakimu angefanya hivyo kama ningesema. Badala yake, kwa binti aliagiza ripoti ya afisa wa probesheni, anayechunguza maisha ya mshtakiwa kabla ya adhabu. Kwa yule kaka hakuagiza ripoti yoyote. Alimpa mwaka mmoja na nusu palepale.

Chuoni tulisoma kuhusu jambo hili la sura na adhabu. Tafiti nyingi, hasa zile ambazo watu wanapewa kesi za kubuni waamue, zinaonyesha wenye sura nzuri huelekea kupata adhabu nyepesi. Si zote zinazokubaliana, na tofauti mara nyingi ni ndogo. Kosa likiwa la utapeli uliotumia uzuri wenyewe, urembo unaweza hata kumgeukia mtu. Tulifundishwa na kinga zake: wote wapewe ripoti, mwongozo wa adhabu ufuatwe hatua kwa hatua, sababu ziandikwe, na walioshtakiwa kwa kosa moja walinganishwe kabla ya kuwatofautisha. Nilipata alama nzuri sana kwenye mtihani ule. Nilifikiri ni somo la mahakimu.

Jana ripoti ya binti ililetwa, nami ndiye niliyeiweka kwenye faili. Nikaisoma. Afisa amemsifu kuwa mkweli na mwenye adabu. Ukurasa wa pili, binti mwenyewe amekiri kwamba alimdanganya mwenzake kuwa mashuka yametupwa. Imeandikwa wazi, katikati ya sifa zake, na hakuna aliyeshtuka. Amepewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja.

Nilimwonyesha karani mkubwa wetu. Akavua miwani, akacheka kidogo. "Mdogo wangu, mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi rudisha faili kabatini."

Nilipotoka, binti alikuwa ananisubiri langoni. Alinisalimia kwa jina langu. "Asante kaka, ulinisemea vizuri kuliko ninavyojisemea."

Nikamwambia mwenzake amefungwa kwa uongo wake. Hakukasirika. Alinisogelea, akanirekebisha kola ya shati, watu wakituona.

"Ukienda kusema uliacha maneno yake, wataniuliza kwa nini ulinipendelea. Nitawaambia ulinitaka, nami nikakubali. Nitalia kidogo tu." Akatabasamu. "Wewe ungemwamini nani?"

Mimi mwenyewe ningemwamini yeye. Hilo ndilo linalonitisha. Leo asubuhi amenitumia ujumbe wenye jina la mtaa wangu na rangi ya mlango wetu, bila neno lingine.

Rufaa inakatwa ndani ya siku kumi na nne. Zimebaki mbili. Zikipita, itabidi yule kaka aombe ruhusa ya kuchelewa, na mtu aliyekubali kosa hasikilizwi kirahisi bila wa kuthibitisha kwamba hakukubali kweli. Ukimtoa binti, aliyesikia na kuelewa pale mahakamani ni mimi peke yangu.

Leo mama wa yule kaka amekuja dirishani kwangu kutoka Likoni, kuomba nakala ya mwenendo wa kesi. Nikamwambia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Si wewe uliyekuwa ukimsemea mtoto wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Mungu akuzidishie. Mtoto wangu watu huogopa kumsikiliza. Sikuwepo siku ile, lakini nilifurahi kuambiwa amepatikana mmoja wa kumsikia."

Nimempa nakala. Ndani yake mwanawe ana sentensi mbili tu, na zote ni zangu. Mama hajui kusoma. Ameniomba kesho nimsomee mwanawe alisema nini.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimsomee yaliyoandikwa, au nimwambie aliyoyasema?